Nilivyoamua pa kuikata sanad ya Hadithi ya Jibril

Maalim wetu aliniomba nitafsiri hadithi kadhaa za Sahihi ya Muslim kwa ajili ya darasa la watu wazima, wengi wao hawajui Kiarabu. Maneno ya Mtume (s.a.w.) yenyewe hayakunisumbua sana. Kilichonisumbua ni sanad, yaani majina ya wapokezi yanayoyatangulia: fulani katuhadithia, kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani.

Nilianza na desturi iliyozoeleka: juu naandika jina la swahaba aliyesimulia, chini naandika "Ameipokea Muslim". Ndivyo alivyofanya Imamu Nawawi katika Arubaini yake, na mwenyewe ameeleza kwamba ameziondoa sanad ili hadithi zihifadhike kwa wepesi. Kwa hadithi nyingi njia hiyo inatosha. Kwa Hadithi ya Jibril haikunitosha.

Katika Arubaini, hadithi hiyo inaanza na Sayyidna Umar akieleza jinsi walivyokuwa wameketi na Mtume, mara akatokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana. Muslim anaanzia mbali zaidi. Anasema ameipata kwa Zuheir bin Harb, naye kwa Wakii, naye kwa Kahmas, naye kwa Abdullah bin Buraida, naye kwa Yahya bin Yaamar. Kisha inakuja herufi moja tu, ح, alama ya kuhamia njia nyingine: ameipata pia kwa Ubaidullah bin Muadh, naye kwa baba yake, naye kwa Kahmas yule yule. Njia mbili zinakutana kwa Kahmas, halafu zinakwenda pamoja hadi kwa Yahya.

Hapo ndipo Yahya anapoanza kuzungumza, na mazungumzo yake ni kisa kamili. Anasema mtu wa kwanza kusema maneno ya kukanusha kadari huko Basra alikuwa Maabad al-Juhani. Yahya na mwenzake Humaid bin Abdurrahman wakatoka kwenda hija au umra, wakitamani wampate swahaba yeyote wamuulize. Wakamkuta Abdullah bin Umar akiingia msikitini, wakamzunguka, mmoja kuliani na mwingine kushotoni. Wakamweleza habari za watu wanaosoma Qur'ani na kutafuta elimu, kisha wanadai hakuna kadari. Ibn Umar akajitenga nao, akaapa kwamba hata mmoja wao angekuwa na dhahabu mfano wa Uhud akaitoa, Mwenyezi Mungu asingeikubali mpaka aiamini kadari. Ndipo akasema: "Amenihadithia baba yangu, Umar bin Khattab."

Ningeikata sanad kwa Umar, safari hiyo yote ingepotea, na pamoja nayo sababu iliyomfanya Ibn Umar aitoe hadithi. Msomaji angeona kadari imetajwa miongoni mwa nguzo za imani bila kujua kwamba ndiyo iliyoulizwa. Basi nikajiwekea kipimo: namwangalia mpokezi anafanya nini. Kama kazi yake ni kupokea na kupitisha tu, jina lake linakwenda kwenye tanbihi. Akianza kuuliza, kusafiri, kushuku au kueleza, tafsiri inaanza kwake. Hadithi hii nikaianza hivi: "Yahya bin Yaamar amesema." Wale wa kabla yake wote nikawateremsha chini ya ukurasa, na ile ح nikaiandika kwa maneno: "na kwa njia ya pili."

Lipo jambo dogo nililolibakiza tanbihini kwa makusudi. Muslim, akimtaja Ubaidullah, ameongeza kwamba hii ndiyo hadithi yake, yaani matamshi tunayoyasoma ni ya Ubaidullah, si ya Zuheir. Msomaji wa kawaida anaweza kulipita, lakini anayelinganisha mapokezi mawili atalihitaji. Vilevile nilitofautisha "ametuhadithia" na "kutoka kwa". La kwanza ni tamko la kusikia. La pili halisemi wazi kama alisikia mwenyewe, na kwa mpokezi anayejulikana kwa kuficha aliyempa habari, tofauti hiyo huamua mengi. Kuandika "amesimulia" kila mahali kungeifuta.

Kuna sanad moja ambayo siipeleki kwa msomaji bila maelezo hata kama ni fupi: Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Ukiifasiri ilivyo, msomaji atamdhania babu wa Amr, ambaye ni Muhammad, na huyo si swahaba. Rai yenye nguvu ni kwamba babu anayekusudiwa ni wa Shuaib, yaani Abdullah bin Amr bin al-As, ambaye ni swahaba. Kwa hiyo huandika: "kutoka kwa baba yake Shuaib, kutoka kwa babu wa Shuaib, Abdullah bin Amr", na tanbihini nataja kwamba wanazuoni wamekhitalifiana juu ya sanad hii, wapo walioikubali na wapo walioidhoofisha.