Kopo la biskuti la Bibi na fomu ya dawa za nyumbani

Bibi aliletwa wodini kwetu saa tisa alasiri, siku ya 12 ya Ramadhani. Alikuwa analoa jasho, mdomo umelegea, na akiitwa anaitikia kama mtu aliye usingizini. Ana miaka 76. Mjukuu wake alisema alikula daku vizuri, akaswali alfajiri, na mpaka adhuhuri alikuwa anazungumza. Nilimchoma kidole, mashine ya sukari ikasoma 1.9, imeshuka mno. Tukamtia kanula, tukampa mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50 polepole mshipani, na baada ya dakika chache akafungua macho, akauliza kama magharibi imeshaadhiniwa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Pemba. Mgonjwa akilazwa, kuna fomu ya kulinganisha dawa: upande mmoja unaandika kila dawa anayotumia nyumbani, kiasi, mara ngapi kwa siku, ya nini, mara ya mwisho aliimeza lini na nani aliyekwambia. Upande wa pili daktari anaamua kila dawa peke yake: iendelee, isimame au ibadilishwe. Sisi tunaiita fomu ya dawa za nyumbani. Ile jioni niliijaza kwa dakika tano, na niliijaza vibaya.

Nilichukua kadi yake ya kliniki nikanakili. Dawa zilikuwa tano: glibenklamaidi miligramu 5 na metfomini miligramu 500 za sukari, zote zimeandikwa 1x2, losatani miligramu 50 na amlodipini miligramu 10 za presha, na furosemaidi miligramu 40, zote 1x1. Penye chanzo cha habari nikaandika "kadi". Penye mara ya mwisho nikaandika "asubuhi". Nikatia saini. Wakati wa futari ulikuwa umefika, wodi imejaa watu na vyombo, na Bibi alikuwa macho anakunywa uji. Dawa za sukari za usiku hatukumpa, kwa sababu yeyote angeona hazifai. Nikadhani jambo limekwisha.

Saa saba usiku sukari yake ilishuka tena ikafika 2.4, na dripu ya dekstrosi ya asilimia 10 inaendelea. Glibenklamaidi ina tabia hiyo. Inasukuma kongosho itoe insulini, na kwa mzee inakaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu, kwa hiyo mgonjwa anazinduka kisha anazama tena baada ya saa nyingi. Ndiyo maana hatumwachi aende nyumbani siku ile ile hata akiamka na kudai viatu vyake. Lakini kidonge kimoja cha miligramu 5, alichokimeza na daku aliyoila vizuri, kilinitia wasiwasi. Hesabu haikunikaa. Tukawa tunampima kila saa, na nikamwomba mjukuu asubuhi alete kila kitu Bibi anachokimeza, anachojipaka na anachojitia machoni, bila kuchagua.

Alikuja na kopo la biskuti la bati. Shifti yangu ilikuwa imekwisha, lakini nilibaki. Nilitandika taulo safi juu ya kimeza cha kitandani, nikamwaga vyote, nikachukua fomu mpya.

"Shikamoo Bibi. Leo tupange dawa zako mimi na wewe."

"Marahaba mwanangu. Ile ya kupasua kichwa usinipe tena."

Sikumuuliza "unatumia dawa gani". Swali hilo mzee analijibu kwa kukuonesha kadi, kwa sababu anajua ndicho daktari anachopenda kukiona. Nilimuuliza kwa mwendo wa siku yake: ukiamka daku unameza nini kwanza? Baada ya alfajiri? Ukifuturu? Baada ya tarawehe? Na kila jibu nilimwomba akiguse kidonge chenyewe kwa kidole. Kwenye ile sehemu ya mara ya mwisho niliandika "daku, saa 10 alfajiri, 04:00", saa zote mbili, maana "saa 10" peke yake mwenzangu wa zamu anaweza kuisoma kama saa nne ya asubuhi.

Alipofika kwenye bahasha ya glibenklamaidi alichukua vidonge viwili pamoja. Nikamuuliza kwa nini viwili. Akanionesha bahasha: 1x2. Kwake yeye maana yake ilikuwa mara moja, viwili. Sisi tunaisoma kimoja, mara mbili. Miezi yote hiyo mjukuu alikuwa akimpa kimoja asubuhi na kimoja usiku, lakini Ramadhani Bibi aliamka daku mwenyewe akajihudumia mwenyewe.

Kisha akachukua kisanduku kingine, kilichoandikwa Kiarabu upande mmoja. "Hii ya sukari pia, ameniletea mwanangu kutoka Maskati. Hii ndiyo nzuri." Nikakigeuza. Jina kubwa lilikuwa Daonil, na chini yake kwa herufi ndogo, glibenklamaidi miligramu 5. Ilikuwa dawa ile ile kwa jina la biashara. Kwa hiyo kila daku Bibi alikuwa anameza viwili vya bahasha na kimoja cha kisanduku, miligramu 15 kwa mkupuo, kisha anafunga mpaka magharibi.

Hapo ndipo hesabu ilipokaa. Tangu siku hiyo, kwenye fomu ninaandika jina la asili la dawa kwanza, lile la maandishi madogo, na jina la biashara pembeni. Ukiandika la biashara peke yake, dawa moja inakaa kwenye mistari miwili na wewe huioni.

Nilihesabu na vidonge pia. Dawa zote za kliniki alipewa siku moja kabla ya mwezi kuandama, kwa hiyo alikuwa ameshameza kwa siku 12. Metfomini alipewa 60. Kwa kadi vilipaswa kubaki 36. Vilikuwepo 58. Bibi alikiri kwa sauti ndogo kwamba inamsumbua tumbo na ameiacha. Laiti daktari angeandika "iendelee" kwa kuiamini fomu yangu ya kwanza, tungemwanzishia upya dawa ambayo kwa kweli hakuwa anaitumia. Lakini glibenklamaidi vilibaki 36 kamili, kama mtu anayefuata kadi bila kosa. Hesabu inakwambia vimetoka vingapi. Haikwambii vimemezwa saa ngapi wala vingapi kwa pamoja. Bila kumwona akivishika viwili, nisingejua.

Chini kabisa ya kopo palikuwa na karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vyekundu. "Hivyo si dawa, ni vya magoti." Ilikuwa diklofenaki miligramu 50, amenunua duka la dawa baada ya kusimama tarawehe usiku wa kwanza, anameza kimoja akifuturu na kimoja daku. Neno hilo, "si dawa", nalisikia mara nyingi sana. Dawa kwa wazee wetu ni ya presha au ya sukari. Ya maumivu, ya kikohozi, matone ya macho na mafuta ya habasoda ni vitu vya nyumbani tu. Na kweli habasoda ilikuwepo, kijiko kimoja kila usiku. Nayo inaweza kushusha sukari kidogo, nikaiandika bila kukunja uso, maana ukikunja uso inayofuata hakutajii.

Diklofenaki ndiyo iliyoeleza upande wa pili wa ugonjwa. Matokeo ya damu yalitoka saa nne asubuhi: kriatinini, uchafu wa damu ambao figo huutoa, ilikuwa 210, na kwenye kadi ya miezi mitatu nyuma ilikuwa 95. Figo zinahitaji damu iingie kwa nguvu ya kutosha. Furosemaidi ilikuwa inamkausha maji, na kwa saumu ya mchana asingeweza kuyarudisha. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, na losatani inalegeza mshipa unaotoka, hivyo msukumo ndani unaanguka. Kila moja peke yake mtu anaweza kuihimili. Zote tatu kwa mzee aliyefunga siku 12 ni hatari, na figo zikichoka, glibenklamaidi nayo inakawia kutoka.

Nilipofika kwenye safu ya "ya nini" nikakwama kwenye furosemaidi. Bibi hana ugonjwa wa moyo unaojulikana. Alisema ni ya kuvimba miguu. Miguu ilianza lini? Mjukuu akakumbuka: baada ya dawa ya presha kuongezwa. Kadi ilionesha amlodipini ilipandishwa kutoka 5 hadi 10, na furosemaidi ikaanza ziara iliyofuata. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, hasa kwa kiwango kikubwa. Niliandika tarehe zote mbili kando ya mstari, bila maoni yangu, nikampelekea daktari fomu na kopo lenyewe.

Aliipitia mstari kwa mstari. Glibenklamaidi zote mbili, zisimame na zisirudi. Kwa wenye zaidi ya miaka 60 hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai. Diklofenaki isimame, magoti apewe parasetamoli. Losatani, furosemaidi na metfomini zisubiri figo. Amlodipini ishuke iwe 5, presha ipimwe asubuhi na jioni. Habasoda isubiri. Ile fomu yangu ya kwanza tuliipiga mstari mmoja na kutia tarehe, hatukuichana, ili anayefuata aone nini kilibadilika na kwa nini.

Siku ya tatu sukari iliacha kushuka. Siku ya tano kriatinini ilikuwa 124, sukari ya asubuhi 9, vifundo vya miguu vimepungua, na daktari akamruhusu bila dawa yoyote ya sukari mpaka kliniki ya wiki inayofuata, ndipo waamue kama metfomini irudi kwa kiwango kidogo. Saumu alimwambia aiache kwa mwaka huu. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu wafanye hesabu ya fidia.

Karatasi yake mpya niliiandika kwa maneno, hakuna 1x1 wala 1x2: "Amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja tu, baada ya alfajiri." Chini yake nikaandika alizoachishwa na sababu, kwa sababu asiyeziona zimeachishwa atazinunua tena. Nakala moja ilikwenda kliniki, nyingine mjukuu aliipiga picha.

Kisanduku cha Daonil Bibi hakutaka kukiacha. Hakuwa mkaidi, kilikuwa kimetoka kwa mwanawe. Tukampigia Maskati kwa simu ya mjukuu. Kijana alishtuka, akaniuliza mara mbili lile jina dogo linaandikwaje, nikamsomea herufi moja moja. Kisha akaomba azungumze na mama yake, na baada ya hapo Bibi akanikabidhi kisanduku, akabaki na kopo.