Ganzi ya mwezi wa tano

Leo nawaza juu ya mwezi wa tano tangu mtu aache benzodiazepini, zile dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Wiki ya kwanza baada ya kuziacha kila mtu anaiogopa, na ana haki, kwa sababu aliyezoea dozi kubwa akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Mwezi wa tano hauogopwi na mtu. Dawa imeshatoka mwilini zamani, watu wa nyumbani wameacha kuuliza habari, na saa tisa usiku mtu amekaa kitandani macho makavu, moyo unakwenda mbio, nyayo zinamchoma kama amekanyaga siafu. Swali lake ni moja: hii bado ni dawa, ni ule wasiwasi wangu wa zamani umerudi, au nimepata ugonjwa mwingine?

Wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanautazama usiku mmoja. Usiku mmoja hauna jibu.

Tuchukue mtu wa mfano. Amemeza kidonge kimoja cha klonazepamu, mojawapo ya dawa hizi, cha miligramu 1 kila usiku kwa miaka minne. Siku moja akaamua, akakata hadi nusu kidonge kwa wiki mbili, kisha akaacha kabisa. Nusu kidonge huonekana kitu kidogo, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Katika jedwali la ulinganisho la Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kule Newcastle, nusu miligramu ya klonazepamu inasimama sawa na miligramu 10 za diazepamu. Majedwali mengine yana namba tofauti kidogo, lakini hakuna linaloiita dozi hiyo ya kupuuza. Mtu wetu alidhani anashuka ngazi ya mwisho, kumbe anaruka kutoka darini. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne, na kutovuka asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Yeye alikata asilimia 50 mara moja, na wiki mbili baadaye akakata yote iliyobaki.

Sasa, kwa nini dalili zibaki wakati dawa haipo? Klonazepamu hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya siku moja hadi mbili, kwa hiyo baada ya wiki chache damu haina cha kuonyesha. Kinachobaki ni marekebisho ambayo ubongo uliyafanya dawa ilipokuwepo. Ubongo una kemikali ya kutuliza seli za neva, iitwayo gaba, na benzodiazepini huiongezea nguvu. Ukiongezewa nguvu hiyo kila usiku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: vipokezi vya gaba vinakuwa vizito kuitika, na upande wa kemikali za kuamsha unapanda ili mambo yalingane. Siku dawa inapoondoka, marekebisho hayo hayaondoki nayo. Yanafumuka polepole, na kwa baadhi ya watu polepole mno. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo la benzodiazepini zote liandikwe upya, na humo imetajwa kwamba kwa wengine dalili hudumu kuanzia wiki kadhaa hadi zaidi ya miezi 12. Ni vizuri kuijua sentensi hiyo kabla ya kukaa mbele ya daktari anayesema kwamba kuacha dawa ni jambo la wiki mbili tu.

Turudi kwa mtu wetu na daftari lake. Kila asubuhi anaandika vitu vitatu, wala havimchukui dakika mbili: saa alizolala, wasiwasi wa jana kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na ganzi ilikuwa wapi. Asiandike zaidi ya hapo. Anayejipima kila saa huishia kuulisha wasiwasi uleule anaoupima. Siku njema tumeipa maana moja tu: amelala saa tano au zaidi, na wasiwasi haukupita 4.

Mwezi wa pili alipata siku njema tatu. Wa tatu, tano. Wa nne, tisa. Mwezi wa tano ulianza na wiki mbaya, zikafuata mbili ambazo alilala saa tano na nusu, hata sita, akaanza kupanga mambo yake. Wiki ya nne ikaanguka: saa tatu au nne za usingizi, wasiwasi 8, ganzi kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Akaandika pembeni, "Nimerudi mwanzo." Lakini hesabu ya mwezi ule ni siku njema kumi na mbili. Siku zake mbaya ni mbaya vilevile kama za mwezi wa pili, hilo ni kweli na asidanganywe. Kilichobadilika ni nafasi iliyopo kati ya wimbi moja la siku mbaya na jingine. Mara nyingi nafuu huingilia hapo: mapengo hurefuka kwanza, na mawimbi yenyewe huja kufupika baadaye. Anayelinganisha wimbi na wimbi ataona hakuna kilichosogea.

Mwendo huo wa kupanda na kushuka unasaidia pia kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Wasiwasi wa zamani ukirudi, kwa kawaida unarudi na sura yake: hofu zilezile, zinazochochewa na mambo yaleyale, na unakaa. Dalili za kuacha dawa huja na vitu ambavyo mtu hakuwa navyo kabla ya kidonge cha kwanza, kama vile ganzi, mlio masikioni, misuli kurukaruka, mwanga na kelele kuumiza. Huondoka siku nne bila sababu, hurudi bila sababu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo matibabu ya wasiwasi bado yana kazi, ila dozi mpya ya benzodiazepini siyo jibu la haraka. Kurudishiwa dawa katika wiki za mwanzo na kisha kushuka taratibu huwasaidia wengi. Baada ya miezi mitano matokeo hayatabiriki, na kuna wanaozidiwa.

Ganzi nataka niikalie kidogo, maana ndiyo inayopelekea watu kuamini mishipa yao inaoza. Kosa la upande wa pili ni kuitupia dawa kila kitu. Mtu wetu aangalie ilipo na inavyokwenda. Ikianza ghafla mdomoni na kwenye vidole vya mikono yote miwili, wakati wa hofu, huenda ni pumzi: akihema haraka hewa ya ukaa inashuka katika damu, kalisi iliyo huru inapungua, na neva zinaanza kurusha cheche. Apumue kwa kituo, atoe pumzi ndefu kuliko anavyovuta, kwa dakika tano hadi kumi. Ikiisha, amepata jibu la usiku huo. Ikimwamsha kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, na ikapungua akikung'uta mkono, hapo neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na benzodiazepini haihusiki. Ikianzia vidole vya miguu yote miwili, ikapanda kidogo kidogo mwezi hadi mwezi bila kupumzika hata siku moja, hiyo inadai vipimo: sukari, vitamini B12, tezi ya shingo. B12 ipimwe mapema hasa kwa anayetumia metformini au dawa za asidi ya tumbo kwa muda mrefu, kwa kuwa zote zinaweza kuishusha. Ganzi ya kuacha dawa huhamahama: leo nyayo, kesho kichwani, keshokutwa haipo. Na upande mmoja wa mwili ukifa ganzi ghafla, mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukishindwa kuzuilika, daftari lifungwe, aende hospitali saa ileile.

Usingizi ni kazi ya mikono zaidi. Benzodiazepini hupunguza usingizi mzito na ule wa ndoto, na zikiondoka ndoto hurudi kwa fujo, kwa hiyo jinamizi la miezi ya kwanza lisimtishe. Kinachomharibia mtu wetu ni kulala kitandani kwa muda wa saa tisa ili apate usingizi wa saa nne na nusu. Wastani wake wa wiki mbili ukiwa huo, akae kitandani saa tano na nusu tu: aingie saa sita na nusu usiku, aamke saa kumi na mbili asubuhi, awe amelala au hakulala. Chini ya saa tano na nusu asishuke. Akifikia kulala karibu asilimia 85 ya muda huo kwa wiki nzima, aongeze dakika 15 mwanzoni mwa usiku. Wimbi likija katikati ya mpango, asipunguze muda zaidi. Ashikilie saa ya kuamka tu na kusubiri lipite. Mwenye historia ya degedege au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asianze haya bila daktari, na anayesinzia asishike usukani.

Mawimbi mengine huwa na mkono wa mtu ndani yake. Pombe hugusa vipokezi vilevile, inatuliza jioni na kukwangua alfajiri. Zolpidemu, dawa ya usingizi, huuzwa kama kitu kingine, lakini inaingia mlango uleule. Siprofloksasini na ndugu zake huzuia kazi ya gaba na zenyewe zinaweza kuleta ganzi, kwa hiyo anayeandikiwa kwa maambukizi ya mkojo ataje historia yake, aulize kama ipo antibayotiki nyingine inayofaa. Halafu kuna kile kidonge kimoja cha "usiku mbaya tu", kilichobaki kwenye droo. Kimoja hakirudishi miaka minne. Shida ni kwamba kinafanya kazi vizuri sana, na Alhamisi inayofuata nayo inakuwa usiku mbaya.

Daftari la mtu wetu mwezi wa tisa lina siku njema ishirini na moja. Katikati ya mwezi akapata mafua, na kwa siku tatu nyayo zikawaka tena. Safari hii pembeni aliandika neno moja, "nyayo", na saa alizolala: nne.