Mshale wa Tatu

Mwaka 2018 niliandika nadharia ya mabadiliko, yaani mchoro wa jinsi kazi moja inavyozaa matokeo yanayofuata, ya mradi wetu wa kuhifadhi mahindi wilayani Kongwa. Nilichora visanduku vinne: tunafundisha na kugawa mifuko ya tabaka tatu, mkulima anahifadhi bila dawa, anauza Januari badala ya Julai, kipato kinapanda. Kati yake nikaweka mishale. Nikajisifu.

Kabla ya kutuma andiko, bosi alinitaka nikawasomee wakulima ile mishale. Nilikwenda shingo upande.

Mshale wa kwanza ulipita. Mahindi yakikaushwa vizuri na mfuko ukafungwa barabara, wadudu humaliza oksijeni iliyomo, wakafa. Hata dumuzi, yule ambaye wazee humwita Skania. Wa pili, kutoka kuhifadhi hadi kuuza Januari, ndio ulioniaibisha.

"Mwanangu," alisema mama mmoja huku akipepeta, "dumuzi namfahamu. Ila mimi siuzi Julai kwa kumwogopa yeye. Mwenye trekta anasubiri hela yake hapo hapo shambani."

Wenzake wakacheka, kisha kila mmoja akataja deni lake: duka, ada, mchango wa harusi. Nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao haukuwa unawafanya wauze.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni Kibaigwa, nilianza upya. Chini ya kila mshale niliandika mambo matatu: kwa nini tunaamini, nini lazima kiwe kweli nje ya mradi, na dalili gani itatuambia tumekosea. Kwa mshale wa pili dalili ilikuwa rahisi: Septemba tuhesabu mifuko ambayo bado imefungwa. Ikiwa mingi imeshauzwa, mafunzo yote hayana kazi. Kwa hiyo nikaongeza shughuli ambayo haikuwepo: VICOBA wakopeshe wakati wa mavuno, mkopo ulipwe mahindi yakishauzwa.

Mshale wa tatu, wa bei, ulinipa shida zaidi, kwa sababu hauko mikononi mwetu. Mwaka uliotangulia Serikali ilikuwa imezuia mahindi kwenda nje ya nchi, na anayesubiri Januari anaweza kuikuta bei imelala. Niliuandika kama hatari, bila kuipamba.

Likabaki la baada ya mradi. Plastiki ya ndani hutoboka; mkulima atanunua wapi nyingine? Tukigawa bure misimu mitatu, mwenye duka la pembejeo hataleta hata mmoja. Nikafuta ugawaji, nikabakiza mifuko michache ya kuonyeshea msimu wa kwanza, na duka likaingia kwenye mchoro.

Bosi alisoma, akatua kwenye bajeti. "Mifuko imekwenda wapi?" Nikamgeuzia ukurasa wenye dalili ya Septemba. Akausoma mara mbili, akachukua kalamu, akafuta pia semina ya hoteli.