Alikuwa hachelewi, simu ndo ilituonyesha

Mwaka 2022 nilikuwa nafundisha sekondari moja mkoani Morogoro na nilipewa timu ya riadha kwa sababu tu ndo nilikuwa kijana kuliko walimu wengine na niliwahi kukimbia mita 100 chuoni. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya ilikuwa imekaribia. Uwanja wetu wa vumbi, leni tumechora kwa majivu, na bloki za kuanzia alichomelea fundi wa mageti, nzito balaa ila hazitelezi.

Kulikuwa na binti wa kidato cha tatu, mrefu, miguu mirefu, ambaye kuanzia mita 40 hakuna wa kumshika. Tatizo lake ni mwanzo. Kila wakitoka, ndani ya mita 10 anakuwa nyuma ya mwenzake mfupi hatua nzima halafu anaanza kazi ya kufukuza. Mzee mmoja aliyekuwa anatusaidia, kocha wa siku nyingi, hukumu yake ilikuwa moja tu, "huyu analala kwenye mlio", na dawa yake ni kumpigia makofi ya ghafla mchana kutwa ili achangamke masikio. Binti mwenyewe akaamini kabisa kwamba yeye ni mzito wa kusikia.

Mi nilikuwa na kasimu ka bei ya chini ila kwenye kamera kalikuwa na slomo ya fremu 120 kwa sekunde. Kwanza nilikapima maana simu nyingi za bei hiyo zinakudanganya, zinachukua video ya kawaida ya fremu 30 halafu zinairefusha tu. Kujua ni rahisi, mwambie mtu arushe mpira, rekodi, halafu ipeleke fremu moja moja, ukiona mpira umeganda fremu tatu nne halafu unaruka ghafla ujue hiyo slomo ni feki. Kangu mpira ulikuwa unasogea kila fremu. Sawa, twende.

Simu niliiegemeza juu ya matofali, usawa wa kiuno chake akiwa ameinama, pembeni kabisa ya mstari wa kuanzia kama mita sita hivi. Mambo mawili hapo usiyachezee. Simu ikikaa kwa mshazari, mbele kidogo au nyuma kidogo, pembe za magoti unazoziona kwenye kioo zinakuwa za uongo, goti lililopinda linaonekana limenyooka. Na jua liwe nyuma yako, sio nyuma yake, maana slomo inakula mwanga sana, jioni tukijaribu mguu unakuwa ukungu mtupu. Zumu usiguse.

Halafu kuna suala la sauti. Kwenye slomo ya simu yangu sauti ilikuwa haieleweki, inavutwa inakuwa kama ng'ombe analia, kwa hiyo huwezi kujua mlio umetokea fremu gani. Nikamsimamisha mwanafunzi mwenye vibao viwili vya mbao upande wa pili wa leni, ndani ya picha. Vibao vikigusana ndo sifuri yetu, unahesabu kuanzia hapo. Fremu 120 kwa sekunde maana yake kila fremu ni kama sehemu nane kati ya elfu moja za sekunde, inatosha sana kwa kazi hii, japo sio saa ya mashindano na usijaribu kumtangazia mtu muda wake kwa njia hiyo.

Nikawarekodi mmoja mmoja, yeye na yule mfupi. Tukakaa chini ya mwembe na mzee, tukaanza kuhesabu kwa kidole. Yule mfupi mikono iliachia ardhi fremu ya 26. Binti wetu? 26 pia, na tulivyorudia ikawa 25. Mzee akaomba simu ahesabu mwenyewe. Akahesabu. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwalimu, basi huyu anasikia vizuri tu."

Kichekesho ni kilichofuata. Mguu wa mbele wa yule mfupi uliachia bloki kwenye fremu ya 59, wa binti ukaachia ya 50. Yaani yeye alikuwa anatoka kwenye bloki MAPEMA kuliko mwenzake halafu bado anaachwa! Ukisimamisha picha hapo hapo unaona kwa nini: mguu unaachia chuma goti bado limepinda, hajamaliza kusukuma. Kasi ya kutoka inatokana na umesukuma kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani, sasa yeye alikuwa anaukata huo muda katikati, anaanguka mbele, na hatua ya kwanza inarushwa mbele ya kiuno ili imdake asile vumbi. Mguu ukitua mbele ya kiuno ni breki. Ndo ile hatua nzima aliyokuwa anaipoteza.

Sa kwa nini anakata? Tukarudi nyuma kwenye "seti", pale anapoinua kiuno na kutulia kabla ya vibao. Nikachukua kona ya daftari, ambayo ni nyuzi 90 kamili, nikaiweka juu ya kioo kwenye goti la mbele. Goti la mbele wakati wa seti linatakiwa liwe karibu na hiyo kona, lake lilikuwa limefunguka mbali kabisa, na la nyuma karibu linyooke. Kiuno kiko juu kama paa la nyumba. Mguu ambao umeshanyooka utasukuma nini tena? Na kisigino cha nyuma, baada ya vibao kugusana, kilikuwa kinazama kwanza kuelekea nyuma kama fremu tano ndo mguu uanze kwenda, kwa sababu alikuwa ameweka ncha za vidole tu kwenye chuma bila kukikandamiza.

Chanzo chenyewe kikawa cha kijinga kidogo. Bloki zilikuwa zinapangwa kwa nyayo za yule mfupi, na kwa mguu mrefu kama ule nafasi ile ni finyu, anajikunja mpaka inauma, so ananyanyua kiuno ili apumue.

Sikumwambia hayo yote. Nilimwonyesha klipu mbili, yake na ya mwenzake, nikamuuliza "unaona nini?" Akaangalia mara kadhaa akasema, "Madam, mi nimesimama, yeye bado anasukuma." Basi nikaishia hapo hapo. Tukapanga bloki kwa nyayo zake, mbili kutoka mstarini kwa mguu wa mbele, tatu kwa wa nyuma, na neno nililompa ni moja tu: kwenye seti kandamiza vyuma, mlio ukitoka virushe nyuma. Mambo ya mikono, kichwa, pumzi, nikayaacha, maana mtu ukimpa vitu vitano kwa mara moja anaanza kufikiria badala ya kukimbia. Na video nilikuwa simwonyeshi kila akitoka, anakimbia kadhaa kwanza, anasema mwenyewe ameisikiaje, ndo tunaangalia.

Siku za mwanzo alikuwa mbaya zaidi, nyonga zilikuwa hazijazoea kukaa chini, na mzee akaanza kunitupia jicho. Wiki iliyofuata ndo ikakaa. Fremu ya 57 mguu wa mbele unaachia, goti karibu limenyooka, kisigino cha nyuma hakizami tena, na mguu wa kwanza unatua chini ya kiuno, sio mbele. Kwa macho ya kawaida ungesema anatoka taratibu kuliko zamani. Mita 10 wakawa bega kwa bega.

Hatua ya tatu alikuwa bado anainuka wima ghafla, ila hiyo ilikuwa inatokea nje ya picha, ikabidi tuhamishe matofali mita tatu mbele, na simu nayo ikaandika imejaa. Mzee akaniambia, "Madam, futa hizo picha za harusi, na vijana wangu wa mita 200 hujawarekodi."