Paka Ameshiba, Mbona Bado Anakimbiza Uzi?

Chausiku anakula vizuri. Asubuhi namchemshia dagaa, jioni anapata vichwa vya vibua kutoka kwa mchuuzi anayepita hapa Tandika, na mara nyingi anabakiza. Hata hivyo, uzi ukining'inia kidogo tu kwenye meza ya cherehani, anakatisha usingizi na kuuvamia. Jua la asubuhi likigonga mkasi wangu, doa la mwanga linacheza ukutani, naye anapanda juu ya majora ya vitambaa kulifuata. Mama Zuhura, anayeuza chakula fremu ya pili, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, huyu paka humshibishi." Nikamwonyesha sahani yenye samaki aliyebaki. "Basi ana lake jambo," akasema.

Nilitaka kulijua hilo jambo, kwa sababu uzi unaua paka. Ulimi wake una vijiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni. Uzi ukishanasa hapo ni vigumu kuutema, kwa hiyo anaendelea kuumeza. Ncha moja inaweza kujizungusha chini ya ulimi huku sehemu nyingine ikishuka tumboni. Utumbo unapojaribu kuusukuma uzi uliokwama, unajikunja kama kiuno cha sketi kilichovutwa lastiki, na uzi ukikaza sana unaweza kuukata. Paka wa namna hiyo hutapika, hukataa chakula, hulegea na kujificha. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo, maana huko ndani ndiko unakokata. Mwahishe kwa daktari wa mifugo. Uzi ukiwa na sindano, wahi zaidi.

Nyuzi nilizifungia kwenye makopo yenye vifuniko na sakafu nikawa naifagia kila baada ya kukata. Lakini hamu ya paka haifungiki kwenye kopo. Akikosa uzi alihamia kwenye mikanda ya viatu vya wateja na pindo za madera yao. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu uwindaji wa paka.

Mtafiti Robert Adamec aliandika mwaka 1976 kuhusu paka waliowekewa panya wakati wanakula. Waliacha chakula, wakamuua panya, wakamleta kando ya sahani, kisha wakarudi kuendelea na chakula chao. Nilipoisoma habari hiyo nilimwelewa Chausiku zaidi kuliko kwa maelezo mengine yote. Kwa paka, kuwinda na kula ni hamu mbili zilizo jirani, na kuishibisha moja hakuizimi nyingine.

Sababu yake iko porini. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo yupo hapa Tanzania. Chakula chake kikuu ni viumbe vidogo: panya, ndege, mijusi, wadudu. Panya mmoja hamtoshi kwa siku nzima, na mara nyingi anarukia na kukosa. Angesubiri njaa impate ndipo aanze kuvizia, angelala na njaa siku nyingi. Kwa hiyo kinachomwamsha ni kitu kidogo kinachokwenda kwa kushtuka, kinachosimama ghafla, kinachokimbia kumpita au kujificha nyuma ya mguu wa meza. Uzi unaoburutwa unafanya yote hayo. Doa la mwanga linafanya vilevile, tena kwa kasi zaidi. Halina harufu wala sauti, lakini macho ya paka hunasa mwendo kabla ya mambo mengine kuulizwa.

Mtaalamu wa tabia za wanyama wa Ujerumani, Paul Leyhausen, alionyesha kwamba uwindaji wa paka una hatua, na kila hatua ina hamu yake: kuvizia, kukimbiza, kukamata, kung'ata. Hapo ndipo uzi na mwanga vinapoachana. Uzi unakamatika; makucha yanashika, meno yanauma. Mwanga haukamatiki kamwe. Chausiku anaufunika kwa mguu, kisha ule mwanga unakuwa juu ya mguu wake. Nilikuwa naona mkasi ukishawekwa chini, yeye anabaki kakodolea ukuta, anatafuta, anashtukia hata mng'ao wa saa ya mteja. Kuna uchunguzi wa mwaka 2021 uliowauliza wafugaji kuhusu tochi za leza, na waliozitumia mara nyingi ndio walioripoti zaidi paka wenye tabia za kurudiarudia, kama kufukuza vivuli na kukodolea miali. Majibu ya wafugaji hayatoshi kuthibitisha kwamba leza ndiyo iliyosababisha, ila kwa nilichokiona ukutani kwangu, nilihamisha meza ya kukatia mbali na jua.

Halafu nikampa mawindo yanayokamatika. Nilichukua fimbo nyembamba ya mwanzi, nikafunga utepe mpana wa kitenge, na mwishoni nikashonea manyoya ya kuku. Utepe uwe mpana, asiweze kuumeza kirahisi. Namchezesha kabla ya chakula cha jioni, maana paka mwenye njaa kidogo anacheza kwa nguvu zaidi na haogopi kitu kikubwa. Manyoya nayapitisha mbali naye, kama hatua moja au mbili, kwa kuwa kitu kilicho karibu sana na pua yake hakioni vizuri. Hapo anategemea sharubu. Siyapeleki usoni kwake pia. Hakuna panya anayemfuata paka, na nikifanya hivyo anarudi nyuma. Nayaburuta, nayasimamisha, nayaficha chini ya kitambaa ncha ikitikisika. Anajikunja, makalio yanatetemeka, anaruka. Namwachia akamate, apige mateke ya nyuma, aume. Mwishoni kabisa namwachia ayashike, kisha naweka samaki mbele yake, hivyo uwindaji unaishia kwenye kula.

Kilichonishangaza ni jinsi anavyochoka haraka. Baada ya kuyakamata manyoya mara chache anageuka na kukaa, nami nilidhani mchezo umekwisha. Sarah Hall na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton walilichunguza hilo. Paka akipewa kitu kilekile tena na tena hamu inashuka, lakini akiletewa kilicho tofauti, inarudi palepale. Panya wa kweli akiumwa hubadilika, huchanika, hutoa damu. Kitu kisichobadilika ni kama hakiliki, paka anakiacha. Sasa nina vichwa vitatu vya kubadilisha kwenye fimbo: manyoya, kipande cha ngozi, na kifundo cha sufi. Anapokaa chini, nabadilisha, anainuka.

Kipindi chote hakizidi dakika kumi, na pindo za wateja zimepata nafuu. Anawinda bado, sikudanganyi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliripoti mwaka 2021 kwamba paka waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza wanyama waliowaleta nyumbani kwa asilimia 25. Hamu inapungua, haiishi.

Kijana wa Mama Zuhura anapenda kumchezesha kwa tochi ya simu. Sikumkataza. Nilimwomba asimmulike machoni, na kila anapomaliza aushushe mwanga juu ya dagaa mmoja aliyemweka sakafuni, ili Chausiku akiruka apate kitu mdomoni. Anafanya hivyo. Ile fimbo naining'iniza juu mchezo ukiisha, kwa sababu utepe ni utepe, na manyoya yakianza kulegea nayakata na kushonea mapya kabla hajayang'oa na kuyameza.