Homa ikishuka, ndipo ninapoanza kuhesabu

Jumapili usiku, Kisumu

Katika homa ya dengi, siku ninayoiogopa ni ile ambayo joto la mwili linashuka. Mgonjwa huamka bila homa na kusema amepona, jamaa humshukuru Mungu na kwenda zao kazini. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo zinazoua.

Huku kwetu jambo hili ni gumu kuaminika, maana tumelelewa na malaria. Malaria imetuzoesha kwamba homa ndiyo ugonjwa wenyewe, na ikiondoka baada ya dawa basi kazi imekwisha. Dengi haiendi hivyo. Kwa siku mbili hadi saba za mwanzo virusi viko kwenye damu na mwili unawaka: kichwa kinauma nyuma ya macho, mifupa na viungo kana kwamba vimepondwa. Hiyo ndiyo awamu ya homa. Kisha joto linashuka kufikia nyuzi 38 au chini yake, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, na hapo kwa baadhi ya watu kuta za mishipa midogo ya damu huanza kupitisha plazma, yaani yale majimaji ya damu. Inavuja kwenda tumboni na kwenye nafasi inayozunguka mapafu. Uvujaji huo hudumu saa 24 hadi 48. Ukishakoma, majimaji hurudi yenyewe ndani ya mishipa kwa siku mbili tatu. Awamu hizo tatu zina sheria tofauti, na kosa kubwa ni kutumia sheria ya moja ndani ya nyingine.

Wiki hii nimekuwa na kijana wa miaka 26, muuzaji wa mitumba pale soko la Kibuye, ambaye alikuwa amerudi kutoka Mombasa kufuata mabelo ya nguo soko la Kongowea. Uzito wake ni kilo 60. Homa ilimwanza Jumapili iliyopita jioni. Jumatatu alikuja kwetu, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na kwa sababu ya ile safari ya pwani tukampima NS1, ambayo ni protini ya virusi vya dengi inayoonekana kwenye damu siku za mwanzo. Ikawa chanya. Tukampima pia hemogramu, kipimo kinachohesabu chembe za damu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ilikuwa asilimia 41. Ile 41 ndiyo iliyotuongoza wiki nzima, kwa sababu bila kujua damu ya mtu ilivyokuwa kabla ya kuvuja, ni vigumu kujua imekuwa nzito kiasi gani.

Alirudi nyumbani na parasetamoli, maji ya ORS, uji na juisi. Tukamkataza aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Tukamwambia alale ndani ya chandarua hata mchana, kwani mbu aina ya Aedes huuma mchana na sisi Kisumu tunaye. Mbu akimuuma mgonjwa mwenye homa anaweza kuwapelekea majirani virusi hivyo. Mama yake aliniuliza, "Daktari, nitajuaje kwamba hali imeharibika?" Nikamwambia: homa ikishuka halafu tumbo likaanza kumuuma mfululizo, akatapika mara tatu au zaidi kwa siku, fizi au pua zikatoa damu, akawa analegea na kusinzia au hatulii kitandani, akapata shida ya kupumua, au akakaa saa nyingi bila kukojoa, usingoje asubuhi. Alizirudia dalili zote mbele yangu kabla hawajaondoka.

Alhamisi, siku ya tano, homa iliondoka alfajiri. Kufikia saa nne alikuwa ametapika mara tatu na anashika tumbo upande wa kulia chini ya mbavu. Mama hakungoja. Saa tano walikuwa wodini. Mapigo 104, presha 110/84, hematokriti 48, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, elfu 62. Kutoka 41 hadi 48 ni ongezeko la karibu asilimia 17, na asilimia 20 ndiyo alama inayokubalika ya uvujaji mkubwa. Hakuwa ameingia kwenye mshtuko wa damu, yaani hali ya damu kutofika vya kutosha kwenye viungo vya mwili, lakini alikuwa njiani.

Hapa ndipo dripu inapotaka akili. Ni kama kujazia ndoo iliyotoboka: maji unayoongeza yanavuja pia, na huwezi kuliziba tundu. Unachoweza ni kuongeza kiasi kinachotosha tu kuufikisha mzunguko wa damu kwenye figo na ubongo mpaka tundu lijizibe lenyewe. Ukitia pungufu, anaingia kwenye mshtuko. Ukizidisha, ziada inajaa kifuani, na siku ya tatu anapigania pumzi.

Kwa mgonjwa mwenye dalili za hatari ambaye bado hajaingia kwenye mshtuko, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unaanza na mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo kwa saa, kwa saa moja hadi mbili. Kisha 3 hadi 5 kwa saa mbili hadi nne. Kisha 2 hadi 3, kadiri anavyoitikia. Maji yenyewe ni ya chumvi ya asilimia 0.9 au Ringa lakteti. Dekstrosi peke yake haifai, kwani haikai ndani ya mishipa. Kwa kilo 60 tulianza na mililita 300 kwa saa. Mpira wa dripu tunaotumia hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo unagawanya mililita za saa kwa tatu na kupata matone ya dakika: 100. Saa saba mchana tukashusha hadi 180, matone 60. Saa kumi na moja jioni hematokriti ilikuwa 47, anakojoa vizuri, mikono ina joto. Tukashusha hadi 120, matone 40.

Saa tano usiku sista wa zamu aliniita. Mashine ilisoma 104/82, na mwenzetu mmoja akasema presha ni nzuri. Tarakimu ya juu kweli ilikuwa nzuri. Lakini ondoa 82 kwenye 104, inabaki 22. Damu inapopungua ndani ya mishipa, mwili huikaza mishipa yenyewe ili kuilinda tarakimu ya juu, na kwa kukaza huko tarakimu ya chini hupanda. Pengo likifika 20 au chini yake, huo tayari ni mshtuko, hata kama mgonjwa anazungumza nawe vizuri. Na kweli alikuwa anazungumza! Vidole vyake vilikuwa baridi, ukibonyeza ukucha wekundu ulichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, mapigo 116. Hematokriti ikatoka 51. Hapo nilijua maji yanavuja, maana damu inayomwagika haiifanyi hematokriti ipande.

Tukapandisha hadi mililita 7 kwa kilo, yaani 420 kwa saa, nikabaki karibu naye. Baada ya saa moja mikono ilianza kupata joto, mapigo 104, presha 110/80. Saa saba usiku hematokriti ilikuwa 48. Tukateremka kwa ngazi: 300, 180, 120. Kila badiliko lilifuatwa na kuguswa mkono, kupimwa mapigo na kuangaliwa mkojo. Mkojo wa nusu mililita kwa kilo kwa saa unatosha. Kwake ni mililita 30. Wanaotaka mkojo mwingi kuliko huo ndio wanaojaza vifua vya watu.

Ijumaa chembe sahani zilifika elfu 38. Kaka yake alikuja na marafiki walio tayari kutoa damu. Niliguswa sana na moyo wao, na nikawaeleza kwamba chembe sahani chache bila kutokwa damu si sababu ya kumwongezea. Hazizuii uvujaji wa plazma, na kila mfuko ni maji mengine mwilini. Niliomba wasiende mbali lakini. Kama hematokriti ingeshuka ghafla huku mapigo yanapanda na mikono inarudi kuwa baridi, hiyo ingekuwa damu inayotoka ndani, pengine tumboni, na hapo angehitaji damu kweli, si dripu zaidi.

Jumamosi asubuhi hematokriti ilishuka. Ilikuwa 39. Daktari kijana aliyekuwa zamu alishtuka na kutaka kuagiza damu. Tulikwenda kitandani pamoja. Mapigo 72, presha 118/74, mikono ya moto, amekula uji wote, amejaza chupa ya mkojo, miguu inawasha na ina wekundu wenye madoa meupe katikati, ule upele wa kupona. Namba ni ileile inayoshuka, lakini mgonjwa anasema jambo jingine: plazma imerudi ndani ya mishipa na kuichanganya damu. Saa 48 za uvujaji zimeisha. Dawa ya asubuhi hiyo ilikuwa kufunga dripu. Maji yale yale yaliyomwokoa Alhamisi usiku yangeweza kumzamisha Jumamosi, kwa sababu sasa hayana pa kuvujia, na yale yaliyokuwa tumboni na kifuani yanarudi juu yake.

Nilisikiliza kifua chake mara nyingi siku hiyo. Chini upande wa kulia sauti ya hewa ilikuwa hafifu kidogo, maji machache ya uvujaji, lakini anapumua mara 18 kwa dakika bila taabu. Hatukumpa dawa ya kukojoza. Figo zake zilikuwa zinaifanya kazi hiyo zenyewe.

Leo mchana ameruhusiwa: zaidi ya saa 48 bila homa, anakula, anakojoa, chembe sahani zinapanda, hematokriti imetulia bila dripu. Mama yake ameniuliza kama anaweza kuugua tena. Anaweza. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na kinga ya kudumu aliyoipata ni ya aina moja tu. Akiambukizwa aina nyingine, uwezekano wa kuvuja vibaya huwa mkubwa zaidi. Yeye ataendelea kwenda Kongowea, ndiyo riziki yake. Kwa hiyo kwenye kadi yake nimeandika dengi, mwezi na mwaka, nikaongeza: hematokriti ya kawaida 41.