Wiki ya 26, na daftari lenye mapengo sita

Arua, Uganda, Jumapili, mwisho wa Juni

Mwaka umefika katikati, na madaftari ya akiba yaliyofunguliwa Januari kwa mbwembwe mengi yamelala kabatini. Jioni hii nawaza hasa ule mpango wa wiki 52. Wiki ya kwanza unaweka shilingi 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, na kuendelea hivyo hadi wiki ya mwisho ya Desemba, unapoweka 52,000. Ukiumaliza una shilingi 1,378,000. Unapendwa kwa sababu Januari mifuko imekauka na elfu moja haimuumizi mtu. Uzito wake wote umewekwa mwishoni, na hapo ndipo hesabu ya kurudi kwenye mpango baada ya kukosa wiki huwachanganya watu.

Tuseme mtu ameweka bila kukosa wiki 19 za mwanzo. Ana 190,000. Katikati ya Mei mambo yanabadilika: muhula wa pili unakaribia kufunguliwa, karo inadaiwa, sare imembana mtoto, na wiki ya 20 hadi ya 25 zinapita bila hata shilingi. Leo ni wiki ya 26. Afanye nini?

Wengi huanza na jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kulipa deni lote kwa mkupuo. Wiki sita alizokosa zinafika 135,000, na wiki hii yenyewe inadai 26,000. Jumla 161,000 kwa siku saba, kutoka mfuko uleule ulioshindwa kutoa 20,000 mwezi uliopita. Hata akizipata, mara nyingi atakuwa amezikopa, na wiki ijayo atatoa akiba ili alipe mkopo. Dalili ni rahisi kuiona: pesa inaingia Jumapili na kutoka Alhamisi. Kama akiba iko kwenye simu, kila kutoa kunakula gharama ya wakala pamoja na ule ushuru wa serikali wa nusu asilimia ulioanza 2018.

Wengine hufunga ukurasa na kuanza upya na elfu moja. Kuanzia wiki ya 26 zimebaki wiki 27, na ukianza na 1,000 hadi 27,000 unapata 378,000 tu. Ukijumlisha na zile 190,000 za zamani, unafika 568,000, chini ya nusu ya lengo. Tena mara nyingi zile za zamani hazibaki. Mtu akishasema anaanza upya, pesa ya awali huonekana kama haina kazi, na kabla ya Julai imekwisha kununua kitu. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa ya kuanza sifuri, kubwa kuliko hayo mapengo.

Kuna njia ya tatu inayoonekana ya busara: kuendelea pale ulipoachia. Uliishia 19,000, basi wiki hii weka 20,000. Haina ubaya, lakini ujue inavyokata. Ukisogeza kila kitu kwa wiki sita, Desemba utaishia kwenye 46,000 badala ya 52,000, na jumla itakuwa 1,081,000. Umepungukiwa 297,000, ingawa wiki ulizokosa zilikuwa za 135,000. Sababu ni kwamba ulichokiacha hasa ni wiki sita za mwisho, zilizo nzito kuliko zote. Ukiruka moja kwa moja hadi namba ya kalenda, yaani 26,000 wiki hii, 27,000 wiki ijayo, na mapengo ukayaacha yalivyo, unafika 1,243,000. Kwa mtu ambaye kipato chake hakijarudi sawasawa, hiyo ndiyo ningeichagua bila kusitasita. Deni lile halina mdai, unaweza kulifuta.

Lakini kama lengo lenyewe ni la lazima, labda ni mabati au ada ya chuo, basi hesabu ianze kwenye kilichopo mkononi. Kwanza toa pesa uihesabu kwa macho, au soma salio, usiamini daftari. Pili, ondoa kiasi hicho kwenye lengo: 1,378,000 ukitoa 190,000 inabaki 1,188,000. Tatu, gawa kwa wiki zilizobaki, 27. Unapata 44,000 kila wiki, bila kupanda wala kushuka. Ni nzito kuliko 26,000 ya leo, kweli, lakini ni nyepesi kuliko 52,000 ya wiki ya Krismasi, ambayo hata hivyo wachache huifikia.

Kabla ya kuandika hiyo 44,000, rudi kwenye mapengo na uandike pembeni kilichosababisha kila moja. Hapa nasisitiza, maana watu huandika alama ya kukosa na kupita. Kama ni ugonjwa, hauna tarehe. Kama ni karo, tarehe yake inajulikana: muhula wa tatu hufunguliwa karibu katikati ya Septemba, na pengo litarudi palepale. Basi litoboe mwenyewe mapema. Ondoa wiki ya 37, 38 na 39 kwenye mpango, zibaki wiki 24. 1,188,000 ukigawa kwa 24 ni 49,500. Kila wiki imeongezeka 5,500, na Septemba huna deni na daftari. Wiki hizo tatu ziandike tangu leo kwa jina lake, KARO, ili zisihesabiwe kuwa umekosa.

Swali linalobaki ni kama 49,500 inawezekana. Kipimo changu ni wiki mbaya ya kawaida, ile ya mvua ambayo soko limelala, na wala si wiki nzuri ya mshahara. Kama wiki hiyo ingeacha 30,000 baada ya chakula na kodi, basi namba ni 30,000, na lengo ndilo linaloshuka: 30,000 kwa wiki 24 ni 720,000, ukijumlisha 190,000 unapata 910,000. Mabati yatakuwa machache. Ni bora kulijua hilo Juni kuliko Desemba.

Vikundi vya akiba vya vijijini, vile vya sanduku lenye kufuli tatu, vilishalitatua jambo hili zamani. Mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa kila mkutano. Aliyekosa mkutano huachiwa pengo kwenye kitabu chake, labda na faini ndogo, na mkutano unaofuata ananunua hisa anazoweza, lakini hazizidi tano. Kile kikomo cha juu naona ndicho chenye akili zaidi, kwa sababu kinamzuia mtu kujikomoa kwa siku moja. Anayeweka peke yake anaweza kukiiga: andika kiwango cha chini, tuseme 10,000, na cha juu, tuseme 60,000. Ukipata pesa ya ghafla, iliyozidi 60,000 ikae mpaka wiki ijayo.

Kwenye daftari lenyewe usichane ukurasa wala usibandike karatasi mpya. Piga mstari chini ya wiki ya 25, andika salio halisi, kisha wiki ya 26 na kiasi kipya. Baada ya wiki nne linganisha salio na ulichopanga. Kama umepungukiwa zaidi ya wiki moja, namba ni kubwa mno; gawa tena kwa wiki zilizobaki.